Akikuandikia "Nimechoka, wacha tu", usikimbilie kumwambia itakuwa sawa

Simu inaita ukiwa umeshazima taa. Ni Jumapili, saa tano na dakika arobaini usiku, na kesho una kibarua. Unafungua WhatsApp. Ni msee mliyesoma naye chuo, hamjaongea kwa wiki tatu hivi. Ameandika: "Buda nimechoka." Chini yake ameongeza: "Sijui tu." Kisha unaona anaandika, anaacha, anaandika tena, anaacha. Mwishowe unaingia ujumbe wa tatu: "Ah wacha tu. Lala poa."

Wewe ungemjibu nini?

Usinipe jibu la kupendeza. Nipe lile ambalo ungeliandika kweli, ukiwa na usingizi, simu ina asilimia tisa ya chaji. Mimi nilipata ujumbe kama huo mwaka jana na najua nilichoandika: "Usijali buda, itakuwa sawa. Mungu yuko. Wiki mpya, baraka mpya." Akanirushia imoji ya mikono iliyounganishwa. Nikaweka simu chini ya mto, nikalala nikijiona rafiki mwema.

Asubuhi nikiwa kwenye matatu kutoka Umoja, tumekwama Barabara ya Jogoo kama kawaida, nilifungua mazungumzo yale tena. Hapo ndipo nilipoona jambo lililonitoa jasho. Mwenzangu alikuwa ametuma jumbe tatu, na mimi sikuwa nimemuuliza hata swali moja. Alibisha mlango, nami nikamshukuru kwa kupita.

Ninaandika makala haya kwa sababu naamini wengi wetu hujibu vivyo hivyo, tena kwa moyo safi. Tumefundishwa kuwa kazi ya rafiki ni kutia moyo. Maoni yangu ni kwamba ujumbe wa aina hii hauombi kutiwa moyo. Unauliza swali moja tu, bila alama ya kuuliza: je, nikisema lililobaki, utaweza kulisikia? Jibu lako la kwanza ndilo litakaloamua kama hilo lililobaki litasemwa au litamezwa.

Hebu tuanze na sababu ya mtu kukatiza katikati. Mtu hasemi "wacha tu" kwa kupenda mafumbo. Huenda anaona aibu, hasa akiwa mwanamume aliyeambiwa tangu utotoni akaze. Huenda anaogopa maneno yake yatapigwa picha ya skrini na kufika kwenye kundi la wanafunzi mliosoma nao kabla ya saa sita. Huenda anajua wewe pia una shida zako, hataki kukuongezea mzigo. Na mara nyingi yeye mwenyewe hana jina la kinachomkuta. Anajua tu kwamba kuamka kumekuwa kazi.

Kuna na hofu nyingine, nayo si ya kubuni. Kwa miaka mingi Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 226, ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mtu aliyenusurika angeweza kutoka wodini akiwa na pingu na kufungwa hadi miaka miwili. Mnamo Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Huo ulikuwa uamuzi mkubwa, lakini hukumu ya mahakama haifuti woga wa mtaani kwa siku moja. Bado kuna watu wanaoamini kwamba wakitamka tu jambo hilo, polisi wataitwa.

Tunapenda kusema mficha maradhi kilio humfichua, kana kwamba kosa lote ni la anayeficha. Mara chache tunauliza anamficha nani, na huyo mtu alijibu vipi alipodokezwa mara ya kwanza.

Sasa tazama majibu yetu ya kawaida kwa macho ya yule aliyetuma ujumbe.

La kwanza ni hilo langu: itakuwa sawa. Kwangu lilikuwa faraja. Kwake lilimaanisha kikao kimefungwa. Ukishaambiwa itakuwa sawa, ukisema "haitakuwa sawa" unaonekana mbishi, tena mbishi dhidi ya Mungu. Njia rahisi ni kurusha imoji na kunyamaza. Mwamini mwenzako anaweza kuhitaji maombi, na ukiombwa uombe naye, omba. Lakini maombi yanayotangulia kusikiliza humfanya aone kwamba unaharakisha kufika kwenye amina.

La pili ni upelelezi. "Kwani ni nini? Niambie! Ni dem? Ni pesa? Mbona huniambii? Mimi si ni rafiki yako?" Hapa una nia ya kujua, lakini umemrushia maswali matano kwa dakika moja, na la mwisho ni lawama. Mtu aliyeshindwa kumaliza sentensi moja hawezi kujaza fomu. Ataandika "niko sawa tu" ili umwache apumue.

La tatu ni mashindano. "Wacha buda, sote tumechoka. Mimi mwenyewe landilodi amenifungia mlango wiki jana." Unadhani unamwonyesha kwamba hayuko peke yake. Yeye anasikia kwamba foleni ni ndefu na shida yake haijafika dirishani.

Nikiwa bado kwenye ile matatu, niliandika upya. Sikuwa na ujuzi wowote wakati huo. Nilichofanya nilikielewa baadaye, nilipoanza kusoma kuhusu jambo hili na kuuliza wanaofanya kazi ya ushauri nasaha. Nitakuwekea nilivyoandika, kisha tuone kila sentensi inafanya kazi gani.

"Niaje. Nimesoma tena jumbe zako za jana. Nilikujibu haraka haraka, pole. Uliposema umechoka, nilihisi kuna kitu kizito ulikuwa karibu kukisema ukaacha. Si lazima uniambie. Lakini nina nafasi, niko kwenye mat hadi saa mbili. Hii kuchoka ni ya kazi, ama ni ya kila kitu?"

Sentensi za kwanza zinarudi kwenye maneno yake mwenyewe. Hazisemi "vipi, umeamkaje", jambo ambalo lingefanya jana ionekane haikutokea. Kuomba pole kunamwondolea wasiwasi kwamba alikosea kuandika. Kumbuka, mtu aliyetuma ujumbe kama huo usiku mara nyingi huamka akijuta, na hata huufuta. Ukiona alama kwamba ujumbe umefutwa, unaweza kusema tu: "Niliona uliandika kitu ukafuta. Hakuna noma. Nipo ukitaka kukirudia."

"Nilihisi kuna kitu kizito ulikuwa karibu kukisema ukaacha." Hii inataja ule ukimya wenyewe. Haikisii shida ni ipi. Inamwambia tu kwamba umeliona pengo, na kwamba pengo hilo halijakutisha.

"Si lazima uniambie." Watu hudhani maneno haya yanamfungia mtu mdomo. Kinyume chake, yanamrudishia usukani. Mtu anayehisi maisha yote yamemtoka mikononi anahitaji angalau aamue yeye lini atasema na kiasi gani.

"Niko kwenye mat hadi saa mbili." Huu ni muda halisi, wenye mwisho. Tumezoea kuandika "niko hapa kwa ajili yako wakati wowote", na sote tunajua si kweli, kwa sababu saa nne uko kazini na simu iko kwenye droo. Ahadi ndogo unayoweza kuitimiza ina nguvu kuliko ahadi kubwa isiyo na saa.

Swali la mwisho ni moja, tena jepesi. Anaweza kulijibu kwa neno moja au mawili. Aliyekwama hawezi kujibu "nini kinakusumbua?", lakini anaweza kuchagua kati ya kazi na kila kitu.

Alijibu baada ya dakika arobaini. "Ya kila kitu."

Nikauliza: "Tangu lini?"

"Agosti hivi."

Ilikuwa Novemba. Miezi mitatu! Ndani ya hiyo miezi mitatu tulikuwa tumerushiana vichekesho, tumebishana kuhusu Arsenal, na mara moja nilikuwa nimemkopa mia tano. Sikuandika "mbona hukuniambia". Niliandika: "Agosti ni mbali. Umekuwa ukibeba hii peke yako?" Akasema ndiyo. Kisha akataja kitu cha kwanza, kile cha juu juu: mikopo ya simu iliyokuwa ikizaa mikopo mingine, na wenye apu kuanza kupigia watu walio kwenye simu yake. Chini ya hicho kulikuwa na mengine, ambayo ni yake na siyasimulii hapa. Hata mimi niliyajua wiki kadhaa baadaye. Jambo la kushika ni hili: hukuhitaji kuyajua yote ili uwe wa msaada siku ya kwanza.

Sasa tufike kwenye swali ambalo wengi wetu tunalikwepa. Mtu akisema amechoka na kila kitu, kwamba haoni maana, kwamba watu wangekuwa afadhali bila yeye, muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Tunaogopa kwamba kumuuliza ni kumtia wazo kichwani. Tafiti zilizofuatilia jambo hili hazijapata ushahidi kwamba kuulizwa humpandikizia mtu wazo hilo. Wengi hupata nafuu kwa kuwa mtu mwingine amelitamka lile neno kwanza. Kama wazo halipo, atakuambia halipo, nawe hujaharibu kitu.

Ila namna ya kuuliza ina uzito, na lugha yetu ina mtego hapa. Ukimuuliza "hufikirii kufanya kitu cha ujinga, sivyo?", umeshamjibia. Umetanguliza "hu-", ukamalizia na "sivyo", na katikati ukaliita jambo lake ujinga. Hakuna atakayesema "ndiyo" hapo. Vilevile "usiniambie unataka kujiua" ni amri, na ataitii: hatakuambia. Uliza bila kukanusha na bila kuhukumu. Mimi niliandika: "Naomba nikuulize kitu moja kwa moja, na jibu lolote ni sawa. Kwa hali hii, umefikiria kujiua?"

Vidole vilinitetemeka, sidanganyi. Kondakta alikuwa akidai nauli nami simsikii.

Alijibu: "Sijui. Saa zingine naona ingekuwa poa nisiamke."

Hilo ni jibu ambalo utalipata mara nyingi, na lina maana yake. Kutamani kutoamka si sawa kabisa na kuwa na mpango, ingawa lote mawili si ya kupuuzwa. Tofauti utaijua kwa kuuliza maswali mengine mawili, kwa upole uleule: amefikiria lini angefanya hivyo, na je, kitu anachofikiria kujidhuru nacho kiko karibu naye? Huhitaji maelezo zaidi ya hapo, wala usiyatafute. Kadiri majibu yanavyokuwa na saa, mahali na kitu kilicho tayari, ndivyo hatari ilivyo karibu. Dalili nyingine ni mtu anayeanza kugawa vitu vyake, anayeaga kwa namna ya mwisho, au aliyekuwa na huzuni nzito kisha ghafla akatulia bila sababu yoyote unayoiona.

Kama majibu yanaonyesha hatari iko karibu, mambo mawili yanabadilika mara moja. Kwanza, kuandika kunakoma na kupiga simu kunaanza, na mtu anakwenda alipo. Asibaki peke yake, na kile anachoweza kujidhuru nacho kiondolewe au yeye aondolewe hapo. Pili, siri inakwisha. Kama aliwahi kukwambia "usiambie mtu", mjibu bila kuzunguka: "Hii siwezi kuibeba nikiwa peke yangu. Tumwite nani kwanza, dadako ama binamuyo?" Anachagua mtu, lakini hachagui kama mtu ataitwa. Anaweza kukukasirikia. Hasira yake utaivumilia, huwa inapoa.

Namba ni hizi, zihifadhi sasa kabla hujazihitaji. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina laini ya 1199, ambayo haitozi, na wapo watu wa kuzungumza nawe. Befrienders Kenya, ambao kazi yao ni hii hasa, wanapatikana kwa 0722 178 177. Kwa mtoto au kijana aliye chini ya miaka 18 kuna 116, bila malipo pia. Hatari ikiwa ya dakika hiyo hiyo, mpeleke kwenye idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu. Namba hizi unaweza kuzipiga wewe rafiki pia, ukauliza ufanye nini. Si lazima anayepiga awe ndiye mgonjwa.

Tafadhali usimtupie namba kisha uondoke. "Piga 1199" ikiwa ndiyo sentensi yako ya kwanza ni namna nyingine ya kufunga mlango, ila tu umefunga kwa adabu. Mwambie: "Tupige pamoja jioni, mimi nitakaa kando." Huyu wangu hakuwa na mpango wala kitu karibu, kwa hivyo hatukukimbizana na saa. Nilimuuliza, "Uko na nani saa hii?" Akasema yuko kejani, solo. "Kuna mtu karibu unayemwamini?" Akamtaja binamuye anayeishi mtaa huohuo, Zimmerman. Nilimwomba ruhusa nimpigie, akakubali. Saa nne binamu alikuwa kwake na mandazi. Jioni nilifika nami, tukapiga ile simu tukiwa wote watatu tumekaa kitandani, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja. Wiki hiyo akaonwa katika kliniki ya hospitali ya umma, ambako binamuye alipanga foleni naye kuanzia alfajiri.

Na je, usipojibiwa kabisa? Umeandika ujumbe mzuri, alama mbili zimekuwa za buluu, kimya. Au hata hazijawa za buluu. Usijiambie kwamba amelala, wala usijiambie kwamba ameshakwenda. Piga simu. Asiposhika, mtumie sentensi moja isiyodai maelezo: "Nijibu hata kwa nukta moja nijue uko." Nukta ni rahisi kuliko neno, na nimeona ikifanya kazi. Kama kimya kinaendelea na jumbe za awali zilikuwa nzito, mtafute aliye karibu naye kimwili: anayeishi naye, jirani wa ploti, keyateka, mtu wa kwao. "Naomba umgongee mlango, nina wasiwasi naye" inatosha. Si lazima umweleze jirani kila kitu. Ukikuta alikuwa amelala kweli, utaona haya kwa dakika tano. Hiyo ndiyo bei, na ni bei ndogo.

Kuna sehemu moja ambayo tunaifanya vibaya hata baada ya kufaulu hayo yote. Siku ya kwanza simu yake inajaa. Wiki ya pili kila mtu amerudi kwenye hasla zake, na yeye anabaki na lile swali: je, nilikuwa habari ya wiki tu?

Hapa nataka nikusimulie jambo lililofanywa mbali, San Francisco huko Marekani, kwa sababu sijaona funzo bora kuliko hilo. Daktari wa akili aliyeitwa Jerome Motto, kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, aliwafuatilia watu waliolazwa hospitalini kwa sonona au kwa hali ya kutaka kujiua. Miongoni mwao 843 walikataa kuendelea na matibabu baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, au waliyaacha. Aliwagawa makundi mawili bila kuchagua. Kundi moja halikuandikiwa kitu. La pili liliandikiwa barua fupi, mara nne au zaidi kwa mwaka, kwa miaka mitano. Barua hazikuwa na mawaidha. Hazikuwauliza kwa nini hawaji kliniki. Zilisema, kwa maneno machache, kwamba tunakukumbuka, tunatumaini mambo yanakwenda vyema, na ukipenda kutuandikia tutafurahi. Maneno yalibadilishwa kila mara ili zisionekane kama fomu, na mtu akijibu, barua iliyofuata iligusia alichosema.

Waliopokea barua walijiua kwa kiwango cha chini kuliko wasioandikiwa, na tofauti ilionekana wazi zaidi katika miaka miwili ya kwanza. Fikiria hilo. Karatasi yenye mistari miwili, isiyodai kitu.

Mimi na wewe tuna bando. Baada ya wiki ile niliweka ukumbusho kwenye simu: Jumatano na Jumamosi. Jumatano niliandika, "Nimepita pale tulipokuwa tunakula chapo dondo, bei imepanda, nikakukumbuka." Jumamosi, "Si lazima ujibu. Nakusalimia tu." Mara nyingi hakujibu. Sikumwandikia "mbona umenyamaza", kwa sababu hapo salamu inageuka deni, na deni ndilo lililokuwa likimkimbiza tayari. Mwezi wa pili alijibu moja ya zile za Jumatano kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba. Humo ndimo yalimokuwa yale mengine.

Sitakudanganya kwamba sentensi nzuri huokoa kila mtu. Kuna waliojibiwa vizuri, wakapelekwa hospitalini, wakapendwa, na bado tukawazika. Kama wewe ni mmoja wa waliobaki wakisoma na kusoma tena mazungumzo ya mwisho wakitafuta walipokosea, jua kwamba ugonjwa na mateso ya mtu havikuwa mkononi mwako peke yako. Wewe pia una haki ya kupiga 1199. Na ukiwa unamsaidia mtu sasa hivi, usikae naye peke yako usiku baada ya usiku. Pangeni zamu, muwe angalau wawili. Mtu mmoja asiyelala hawezi kuwa ukuta wa mwenzake.

Neno la mwisho ni lako wewe unayesoma haya ukiwa ndiye uliyeandika "wacha tu". Labda ulijibiwa kama nilivyojibu mimi usiku ule. Aliyekujibu pengine hakuwa amekupuuza. Alikuwa na usingizi, na ujumbe wako ulikuwa na pengo ambalo hakujua kulisoma. Mrahisishie kidogo, au mtafute mwingine. Ongeza sentensi moja: "Si uchovu wa kawaida, naomba unipigie." Huna haja ya kueleza chanzo. Hiyo peke yake inatosha kumwamsha mtu aketi kitandani.

Na wewe mwingine, fungua simu yako sasa, shuka chini kidogo kwenye mazungumzo. Kuna "wacha tu" ya mtu fulani humo, pengine ya wiki iliyopita, uliyoijibu kwa imoji. Mwandikie: "Nimesoma tena ujumbe wako." Hujachelewa bado.